Neva 12 za kichwa, barabara 12 za Ngamiani

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza kliniko medisini hapa Tanga, nakaa Ngamiani. Neva 12 za kichwa nimezikariri kwa wimbo ila nikiulizwa ya 9 ni ipi na kazi yake nini lazima nianze kuimba toka ya kwanza, kwenye tesiti muda ukaniishia. Nasikia kuna njia ya kujenga jumba kichwani, je inafaa kwa anatomia? Dada yangu anasoma sheria naye anataka kujua kama itamsaidia kwenye kesi."

Marahaba mdogo wangu. Inafaa, tena we una bahati ambayo wenzako wengi hawana, unakaa sehemu ambayo mitaa yenyewe ina namba, barabara ya 1, ya 2, ya 3 mpaka huko ishirini na ngapi sijui. Yaani jumba lako limeshajengwa tangu zamani, kazi yako ni kupanga ndani picha za neva tu, moja kila barabara, ili ukifika kwenye mtaa kichwani uikute neva yake.

Kwanza tuelewane wimbo una shida gani, maana si kwamba ni mbaya. Kwenye wimbo kila neno linavutwa na lililo mbele yake, kwa hiyo ukishaanza unatiririka, ila katikati hakuna mlango wa kuingilia. Ni kama aliyehifadhi juzuu, ukimsomea nusu ya aya anaimalizia hapo hapo, ila ukimwambia niambie aya ya 17 ya sura fulani wengi inabidi warudi nyuma kidogo washike kamba. Sasa mtihani wa anatomia haukuombi utiririke, unakuuliza ya 9, af ya 4, af ipi inatoa ulimi nje, na kwenye ule wa praktiko wa kuzunguka meza zenye pini kengele inalia hata hujafika kwenye kiitikio. Unachohitaji ni anwani, na barabara ni anwani.

Ila kabla hatujatoka nje kutembea, gawanya kwanza. Watu wengi wanakimbilia jumba wanasahau hii na ndo maana wanapata majina bila mpangilio. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kichwa kinashika kwa mkupuo vitu kama saba, ukiongeza au kupunguza viwili, baadae 2001 mwanasaikolojia mwenzake Nelson Cowan akapitia majaribio mengi akasema kwa ukweli ni kama vinne tu. Kwa hiyo orodha ya 12 ukiimeza nzima nzima inamwagika, ukiikata vipande vitatu vya nne nne inakaa. Na uzuri wa neva za kichwa ni kwamba hii nne nne hujaitunga wewe, imo kwenye mwili wenyewe. Nne za kwanza zinaungana na ubongo juu ya ponsi, ile sehemu ya katikati ya shina la ubongo (ya 1 na ya 2 ziko ubongo wa mbele, ya 3 na ya 4 ubongo wa kati), nne zinazofuata, ya 5 mpaka ya 8, ziko kwenye ponsi au pale ponsi inapokutana na medula, na nne za mwisho ni za medula, sehemu ya chini ya shina hilo. Ya 11 inasumbua kidogo kwa sababu mizizi yake inayokwenda kwenye misuli ya shingo na bega inaanzia uti wa mgongo, ila kwa kuanzia iweke hapo hapo na wenzake.

Hilo ndo jambo kubwa kuliko yote ntakayosema leo. Kipande kizuri ni kile kinachobeba habari. Ukizikata tatu tatu mara nne utazikumbuka pia, ila kukata kwenyewe hakutakufundisha kitu. Ukikata nne nne, ukiijua namba tu ushajua na ghorofa yake kwenye ubongo, na hiyo ni maksi ya bure mpaka utakapofika wodini kwa mgonjwa wa kiharusi.

Sasa jumba. Jioni moja toka nje, anza barabara ya 1 tembea mpaka ya 12, kwa miguu, usipande bodaboda. Kwenye kila barabara chagua kitu kimoja kisichohama: ngazi, geti, mti, nguzo ya umeme, baraza la nyumba, ukuta wenye rangi ya ajabu. Usichague muuza maandazi maana kesho hayupo, na usichague "kona" kwa sababu Ngamiani kona zinafanana, mitaa imepigwa rula, ukiweka picha mbili kwenye kona mbili zinazofanana wiki ijayo hutojua ipi ilikuwa ya 6 na ipi ya 7. Hili ndo tatizo pekee la huko kwenu na ni kubwa kuliko unavyodhani. Kama barabara mbili zinafuatana na zote zina mwembe, basi moja chukua mwembe nyingine chukua geti la bluu la nyumba ya pili. Ukirudi geto funga macho utaje vituo 12 bila kuweka neva yoyote. Ukikwama hata kimoja, rudi kesho ukakitazame vizuri, usianze kupanga picha kwenye nyumba ambayo haina sakafu.

Af tunaweka na alama za vipande. Barabara ya 1 mpaka ya 4 kichwani mwako ni asubuhi, jua jepesi, watu wanakunywa chai. Ya 5 mpaka ya 8 ni saa saba mchana, jua la utosi, kila mtu anavuja jasho. Ya 9 mpaka ya 12 ni usiku na mvua inanyesha. Sikuambii haya kwa mapambo. Siku mwalimu akikuuliza neva inayosukuma ulimi inatokea sehemu gani ya shina la ubongo, picha itakuja na mvua, na mvua ni medula, umemaliza.

Picha zenyewe ntakupa zangu, ila zile ambazo hazikuchekeshi zitupe utunge zako, picha ya mtu mwingine inashika nusu nusu. Nayaandika majina tunavyoyatamka, tahajia ya kwenye kitabu ntaizungumzia baadae. Kila picha lazima ibebe vitu viwili, sauti ya jina na kazi ya neva, na lazima iwe inafanya kitu, picha iliyosimama tu inafutika.

Barabara ya 1, olfaktori. Pale kwenye kituo chako pamefunguliwa faktori ya udi, moshi umetanda mtaa mzima, watu wanapita na pua zimevimba kama maboga. Harufu, basi. Ya 2, optiki, nyumba imevaa miwani, miwani ya ukubwa wa nyumba kweli, na mzee yuko juu ya bati anaifuta vioo aone. Hizo mbili ni nyepesi twende.

Ya 3 ni okulomota na hapa ongeza umakini maana ina mambo mengi. Chukua bodaboda, sehemu ya taa ya mbele weka jicho kubwa, mota ikinguruma jicho linazunguka juu, chini, ndani, na kope lake ni shata la duka linalopanda juu. Sasa zima mota. Shata linaanguka chwaa, jicho linalegea linatazama chini na nje, na mboni inabaki imetanuka wazi. Hapo umebeba kazi na dalili za ugonjwa kwenye picha moja, ukimkuta mgonjwa kope limeanguka na mboni imetanuka unaisikia ile mota inazima.

Ya 4, troklea. Toroli. Kijana anashusha toroli kwenye ngazi (kama mtaa huo una nyumba ya ghorofa chukua ngazi zake ziwe kituo kabisa), anajaribu kutazama chini kwenye ncha ya pua yake aone ngazi inayofuata na hawezi, anaziona mbili mbili, toroli linabiringika. Neva hii inaendesha msuli mmoja tu wa jicho, supirio obliki, unaoshusha jicho likiwa limeelekea ndani, ndo maana mgonjwa wake analalamika akishuka ngazi au akisoma. Me katika picha zote hii ndo naipenda zaidi.

Sasa jua limepanda, tumeingia mchana. Ya 5, traijemino: mapacha watatu wamekaa barazani wanatafuna miwa kwa fujo, wa kwanza anajipapasa paji la uso, wa pili shavu, wa tatu kidevu. Kutafuna ni misuli ya taya, na kupapasa ni hisia za uso kwa yale matawi matatu. Ya 6, abdusensi, ni Abdu anahesabu senti. Abdu ana kasoro, anatazama pembeni kwa nje tu, mteja yuko mbele yake yeye macho yako mtaa wa pili. Msuli mmoja, laterali rektasi, unaovuta jicho nje. Ukimkata Abdu neva yake, jicho linabaki limevutwa ndani upande wa pua.

Ya 7, fesho, ni duka la fesheni, yale masanamu ya kuvalishia nguo yanatabasamu, yanapuliza mashavu, yanafumba macho kwa nguvu, af yametoa ulimi yanalamba ubuyu kwa sehemu ya mbele. Misuli ya uso, pamoja na ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Ya 8, vestibulokoklea, jina refu na la kuudhi. Jamaa kavaa vesti, kasimama kwa mguu mmoja juu ya spika inayopiga singeli, na sikioni ana konokono. Vesti ni mwanzo wa jina, konokono ni umbo la koklea, spika ni kusikia, mguu mmoja ni mizani ya mwili.

Giza na mvua. Ya 9, glosofarinji, ile iliyokutesa: bibi kashika glasi ya kahawa ya moto, kaigonga huko nyuma kooni anataka kutapika. Theluthi ya nyuma ya ulimi kwa ladha na hisia, na koo kwa ile hali ya kutaka kutapika ukiguswa. Ya 10, vegasi, mtungi wa gesi wenye mpira mrefu ajabu, unashuka shingoni, unapita moyoni, mapafuni, unaishia kwenye sufuria ambayo ni tumbo, na ukifungua gesi zaidi moyo unapunguza mwendo. Ya 11, aksesori, duka la aksesori za simu, kila ukiuliza bei muuzaji anapandisha mabega na kugeuza shingo pembeni. Hiyo ni misuli ya trapezio na stenomastoidi. Ya 12, haipoglosi, duka la mwisho mtaani, ukiuliza kitu chochote mwenye duka anakwambia "haipo!" na kukutolea ulimi, tena ulimi umepinda upande mmoja, upande ule ule wenye neva mbovu.

Ukimaliza kupanga (na mara ya kwanza itakula kama saa moja na nusu hivi, usishangae, ya pili inakuwa haraka), jipime siku hiyo hiyo. Usijipime kwa kutembea toka 1 mpaka 12, hiyo itakudanganya kwamba umejua. Kata vikaratasi 12 vyenye namba, changanya, chomoa kimoja kimoja, utaje jina, kazi na ghorofa. Kama jibu linakuja ndani ya sekunde 3 au 4 anwani inafanya kazi. Kama ukichomoa 9 unajikuta unaanzia barabara ya 8 kimya kimya ili ufike, basi umejenga wimbo mwingine wenye picha, na dawa yake ni kuingia kwenye mtaa huo kutokea upande mwingine: funga macho jione umeshushwa pale barabara ya 9 usiku na mvua, bila kupitia popote. Af geuza, mwambie mwenzako akutajie kazi we utaje namba. Kurudi nyuma toka 12 mpaka 1 nako ni kipimo kizuri, wimbo huwezi kuuimba kinyume, barabara unaweza kutembea upande wowote.

Kurudia ni usiku huo huo kabla ya kulala, kesho asubuhi, siku ya tatu, wiki ijayo, af wiki mbili baadae. Waliopita madrasa wanaijua hii kama murajaa na nidhamu yake ndo hiyo hiyo. Kila mara anza na karatasi tupu, andika unachokumbuka ndo ufungue desa kuhakiki. Kusoma desa huku unatikisa kichwa "eeh hii naijua" hakuongezi kitu, nimewaona wengi wakiingia nayo mtihanini na kutoka na sapu.

Siku ya tatu, picha zikiwa zimetulia, ndo uongeze matundu ya fuvu. Kabla ya hapo usiguse, ukirundika kila kitu siku ya kwanza picha inakuwa soko na huoni chochote. Na hapa tena tunagawa kwanza, maana matundu nayo yana makundi. Ya 9, 10 na 11 zinatoka pamoja kwenye jugula foramena. Una mvua tayari mitaa hiyo, basi maji yote ya barabara ya 9, 10 na 11 yanaingia kwenye kalvati moja, glasi ya bibi, mtungi wa gesi na kava za simu vinaelea humo pamoja, na mshipa mkubwa wa jugula unaanzia hapo. Barabara ya 12 ina bomba lake peke yake, haipoglosi kanali, mwenye duka kaliziba kwa ulimi. Ya 7 na ya 8 zinaingia mlango mmoja wa ndani ya sikio, kwa hiyo yule jamaa wa spika anaingia dukani kwa fesheni na mlango ni umbo la sikio. Zile za kuendesha jicho, 3, 4 na 6, zinapita kwenye mpasuo wa juu wa tundu la jicho pamoja na tawi la kwanza la ya 5: bodaboda, toroli na Abdu wamebanana kwenye uchochoro mwembamba na pacha wa kwanza kawaning'inia mgongoni. Mapacha waliobaki, wa pili kashika chapati ya duara (rotanda ni tundu la duara), wa tatu kashika yai (ovale). Ya 2 ina kanali yake ya optiki, na ya 1 inachuja moshi wa udi kwenye chekecheke, ile pleti yenye matundu madogo madogo juu ya pua.

Kwa wenye njaa kuna kitonge kingine hapa. Chukua namba zinazogawa 12 bila kubaki, ondoa 1 na 2, zinabaki 3, 4, 6 na 12. Viini vya neva hizo viko karibu na mstari wa katikati wa shina la ubongo, vya 5, 7, 9 na 11 viko pembeni. Mwaka wa kwanza pengine hawatakuuliza, ila iweke.

Sasa inapoharibika. Tahajia ndo ya kwanza. Jumba litakuletea toroli, halitakuletea herufi, na mwalimu anasahihisha herufi. Kwa hiyo majina 12 yaandike kwa mkono kwa tahajia ya kitabu mpaka vidole vizoee, hiyo ni kazi tofauti na hakuna njia ya mkato. Halafu kuna picha mapacha: ukifika kwenye mifupa ya mkono utakutana na troklea nyingine, pale chini kwa humera inapokutana na alna kwenye kiwiko, na toroli litataka kuja lenyewe. Usilikatalie, litumie, ila liweke kwenye njia nyingine kabisa likiwa limefungwa kwenye kiwiko cha mtu, ili mahali ndo pakutofautishie.

Na usije ukatumia barabara hizi hizi kwa misuli ya paja wiki ijayo. Picha za zamani hazifi haraka, utaweka misuli barabara ya 6 na Abdu atakuja na senti zake katikati ya paja. Kwa orodha unayotaka ikae mpaka ufanye kazi hospitali, njia hiyo imeshanunuliwa, tafuta nyingine: kutoka Mkwakwani kwenda Chumbageni, kutoka Bombo kwenda Raskazone, nyumbani kwenu kijijini chumba kwa chumba, shule yako ya msingi. Njia unazo nyingi kuliko orodha. Ila kwa vitu vya siku moja, mfano orodha ya vifaa vya kesho, njia moja ya mazoezi inatosha na unaifuta na kuitumia tena.

Kuna utafiti wa 2017 watu wa kawaida walifanya zoezi la njia hii nusu saa kwa siku kwa wiki 6, walipoanza walikuwa wanakumbuka wastani wa maneno 26 kati ya 72, mwisho wakafika 62. Nakutajia ili ujue wiki 6 si siku moja, na pia ujue walichopimwa ni maneno matupu. Jumba halikufundishi neva inapita juu au chini ya mshipa gani, hiyo unaipata kwa kushika fuvu mkononi, kupitisha kamba kwenye tundu na kuona inatokea wapi. Na vitu vyenye mantiki yake usivipeleke barabarani. Misuli inayokunja vidole ukiielewa inavyovuta utaijua bila picha, ukiiwekea picha unajiongezea mzigo. Barabara ni za vile visivyo na sababu ya kufuatana isipokuwa kwamba ndivyo vilivyo.

Kuhusu dada yako wa sheria. Njia ni hiyo hiyo ila kesi si jina, na wengi wanakosea hapo hapo. Asipange kesi kwa mwaka, apange kwa hoja: chumba kimoja ni mali za ndoa, kingine mikataba, kingine ushahidi, na kila chumba kisizidi kesi nne au tano, zikizidi agawe hoja zenyewe. Ndani ya kila picha kuwe na vitu vitatu, jina, kanuni iliyowekwa, na nani alitoka na nini. Achukue Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, ambayo bila shaka ameshakutana nayo. Bi Hawa yuko jikoni kwa dada yako, kila akikoroga sufuria linatoka tofali, na matofali yanajipanga kuwa ukuta wa nyumba. Hiyo ndo kanuni, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Wanafunzi wengi wanaishia hapo na wakiulizwa matokeo wanaandika Bi Hawa alishinda. Hakushinda, rufaa yake ilitupwa, kwa sababu mume alishampa hela za kuanzisha biashara ya familia na mahakama ikaona amezitapanya. Kwa hiyo lazima pochi yake iwe imetoboka, noti zinadondoka kwenye moto wakati matofali yanapanda, na jaji mlangoni anaandika kanuni huku anamtolea nje. Akitaka kujipima afanye kama wewe na vikaratasi, ila upande mmoja aandike mazingira ya mtu wa leo, mfano mama wa nyumbani wa Pongwe anayedai nusu ya nyumba, na atafute picha ipi inaitika, kwa sababu mtihani wa sheria mara nyingi haumpi jina la kesi, unampa mtu mwenye shida na kumuachia yeye alitafute.